Mpwa wangu katibu, mgeni usimweke kiti moto

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia juzi. Salamu hazijaisha ameshanitangazia kuwa wamekuchagua katibu wa tawi la chama chenu cha wauguzi, na kwamba kikao chako cha kwanza ni Jumamosi hapo Mtwara mjini. Hongera. Akaongeza kuwa kuna mkunga kijana amehamishiwa zahanati moja ya huko juu Newala, ndiyo mara yake ya kwanza kufika kikaoni, na wewe umepanga "kumkaribisha kwa shangwe". Hiyo shangwe ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Naandika hadharani kwa sababu makatibu wa namna yako ni wengi.

Kiti hicho cha ukatibu nimekikalia. Miaka mingi iliyopita, kwenye tawi nisilotaka kulitaja, alikuja dada mmoja kutoka mikoa ya ziwa. Nikamwita mbele. Simama tukuone, taja jina, kituo, umetokea wapi. Akajibu vizuri tu. Ndipo mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Umefanya kosa gani mpaka ukaletwa kusini?" Ukumbi ukavunjika mbavu, na mimi nikacheka pamoja nao. Unaujua utani huo. Ulianza enzi zile mvua zikinyesha barabara ya Dar inakatika na Rufiji inavukwa kwa kivuko, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na mtumishi akipangiwa Lindi au Mtwara anaagwa kama msafiri wa ng'ambo. Daraja lipo, utani haujastaafu. Yule dada alitabasamu, akakaa. Kikao kilichofuata akaomba udhuru, na kilichofuata pia. Baadaye sana nikaja kujua kwamba alihama baada ya ndoa kuvunjika, na hapo kazini hakuna aliyekuwa amemwuliza hata siku moja.

Tatizo halikuwa yule mzee. Mtani hutania, ndiyo kazi yake, lakini utani unataka anayetaniwa ajue kuwa naye ana haki ya kujibu. Mgeni wa siku moja hajui mtani wake ni nani. Mwenye kosa ni mimi niliyemsimamisha mtu mbele ya watu thelathini bila yeye kujua ataulizwa nini. Ukishamsimamisha, maswali si yako tena.

Kwa hiyo kazi ya kumkaribisha ifanye kabla ya Jumamosi. Mpigie simu Jumatano jioni, saa za kazi zikiwa zimeisha. Mwambie kikao kinaanza saa ngapi kwenye karatasi na saa ngapi kwa kweli, kwa maana anashuka kutoka Newala na gari la kurudi halimsubiri. Kisha muulize jambo moja: angependa atambulishwe vipi? Wengine watakwambia wanataka kuongea, wape nafasi yao. Asiyetaka, mtumie ujumbe kama huu:

"Shikamoo dada / Habari za kazi. Jumamosi nitasema hivi tu: 'Tunaye mwenzetu mpya, fulani, mkunga, yuko Newala. Karibu sana.' Utainua mkono, basi. Hutaulizwa kitu. Kama kuna neno hulitaki hapo, niambie."

Umeona nimeacha nini? Alikotoka hakumo, wala sababu ya uhamisho, wala mume na watoto. Mtu anahama kwa kumfuata mwenzi, kwa kuuguza mzazi, kwa kugombana na mkuu wake, kwa adhabu pia. Swali la "umehamaje huku" linaonekana la adabu, ila majibu yake nusu ni siri. Akitaka atasema mwenyewe chai ikifika.

Pamoja na ujumbe huo mtumie muhtasari wa kikao kilichopita. Makatibu wengi hili hawalifikirii. Mnapofika kwenye yatokanayo, mtatumia nusu saa kubishana juu ya "lile suala la sare" au "ile safari ya Masasi", na mgeni atakaa kama aliyeingia msibani asimjue marehemu. Mpe pia mwenyeji mmoja, si wewe, maana wewe utakuwa unaandika. Mchague mtu wa rika lake anayefanya kazi kama yake, akae naye kuanzia mlangoni, safu ya kati. Safu ya mbele kila mtu anamwangalia mgongo, na safu ya mwisho akitoroka hutajua. Jambo likitajwa asilolijua, mwenyeji anamnong'oneza.

Kama mkiwa wachache, tuseme saba au wanane, sentensi ya katibu itachekesha. Hapo jitambulisheni wote kwa zamu: jina, kituo, basi. Waanze wenyeji wawili watatu wa maneno mafupi ili mgeni aone kipimo, na yeye aje katikati. Ukimweka mwisho ukumbi mzima unamsubiri, na anayesubiriwa hujiona anadaiwa hotuba. Yule mzee wenu wa maneno mengi (kila tawi lina wake) asianze yeye, la sivyo wote watafuata urefu wake. Na yale makofi ya kilo, mpwa wangu, yaache kwa mgeni rasmi.

Sasa daftari la mahudhurio. Nililiona la kwenu mwaka jana: jina, kituo, simu, cheki namba, namba ya leseni, tarehe ya leseni kuisha, ada. Linapita mkono kwa mkono, na kila mmoja anasoma ya mwenzake huku akijifanya anatafuta kalamu. Mtu aliyehama majuzi huenda leseni hajaihuisha, au ada ililipwa tawi alikotoka na stakabadhi imebaki kwenye sanduku. Atafanyaje? Ataacha mstari mtupu mbele ya macho ya wote. Daftari la kupitishwa liwe na jina, kituo na sahihi. Hayo mengine yachukue mwenyewe, kwa simu, siku nyingine.

Ada ina jambo jingine. Kama katiba yenu inasema asiyelipa hapigi kura, na Jumamosi mnapiga kura, mwambie hiyo hiyo Jumatano. Asije akanyoosha mkono halafu mhesabu kura akasema "wewe mgeni shusha". Mengineyo nayo yachunge. Ndipo mtu anapojitolea kwa ukarimu wa ajabu kumpendekeza mgeni awe mweka hazina "ili azoee", au karatasi ya mchango wa harusi inaanzia kwake. Ongea na mwenyekiti mapema akatize hapo hapo.

Utajuaje kama umekosea? Kucheka kwake kutachelewa kidogo kuliko kwa wengine, na majibu yatazidi kuwa mafupi. Usimfuate kumuuliza mbele za watu kama yuko sawa, utakuwa umemsimamisha mara ya pili. Mwache mwenyeji wake amtoe nje kununua maji.

Na akikaa kimya kikao kizima, mwache. Jumapili mtumie ujumbe kumuuliza kama alifika salama, gari za huko juu unazijua. Usimuulize kikao alikionaje.

Mwambie mama yako zile korosho alizoahidi bado nazisubiri hapa Mikindani.

Mjomba wako