Barua kwa wanangu wa kikundi mnaoota baba na mama waliotangulia

Kamwene wanangu,

Naandika kwenu nyote wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana hapa Mafinga, hasa nyie vijana mliozika mzazi mwaka jana na mwaka huu, maana kila kikao kikiisha lazima mmoja anivute pembeni aseme mama naomba nikuulize kitu, na mi nshajua anauliza nini. Kamwota baba. Baba yuko mzima, kakaa, anaongea. Ni dalili ya nini? Sasa badala ya kuwajibu mmoja mmoja pale nje na hii baridi yetu nimeona niandike mara moja, wote msome. Mnajua mi nimefanya unesi wodini mpaka nimestaafu, nimewafunga macho wengi na nimekaa na ndugu zao wengi.

Kwanza mjue inavyotokea. Usingizi unaenda kwa mizunguko, kila mzunguko kama dakika 90 hivi, na mwishoni mwa mzunguko kuna kipande ambacho macho yanachezacheza chini ya kope, hapo ndo ndoto zenyewe zile za kueleweka zinakuja. Mwanzo wa usiku hicho kipande ni dakika chache tu, ila kadiri kunavyokaribia kucha kinarefuka, cha mwisho kinaweza kugonga nusu saa au zaidi, ndo maana karibu wote mnaniambia "alikuja alfajiri". Na kwenye kipande hicho sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohoji mambo, inakuwa imelegea, wakati sehemu za hisia na kumbukumbu ziko kazini kwelikweli. Kwa hiyo unamuona baba anakunywa chai na wala haikujii kumwambia mbona tulishakuzika, au inakujia kidogo afu inapotea. Sauti ileile, kikohozi kilekile. Kama imani yako inakwambia wazazi huwa wanakuja, sikubishii, mi nimelelewa na bibi aliyekuwa anatambika na kanisani anaenda. Nachosema ni kwamba ukimuona anaongea haujachanganyikiwa.

Na wala hauko peke yako. Marekani kuna utafiti ulitoka 2014, waliulizwa watu 278 waliofiwa na mtu waliyekuwa wanamuuguza, asilimia 58 walisema wanamwota marehemu wao. Wengine walimwota amepona, anatembea vizuri, wengine walimwota akiwa katika ule ugonjwa wake au siku yenyewe ya kufa, wengine anawapa ujumbe. Afu angalieni na upande wa pili, wale asilimia 42 hawakusema wanaota. Hii naisema kwa sababu kuna mmoja wenu analia mama hajawahi kumjia hata siku moja wakati dada yake anamwota kila wiki, anaona kama mama alimpenda dada zaidi. Hapana mwanangu. Kuna watu hawakumbuki ndoto kabisa, hasa wanaolala usingizi mzito wakaamshwa na kazi, haina uhusiano na nani alipendwa.

Sasa nataka nikae kwenye ndoto moja ambayo ndo inawasumbua zaidi nyie mliouguza. Ile mzazi yuko hai, anaongea kama kawaida, halafu wewe mle ndani ya ndoto unajua kabisa kafa ila yeye hajui, na unaogopa kumwambia.

Nitawaelezea ya binti mmoja, kaniruhusu, jina silitaji. Baba yake alikuwa na kansa ya koo, kamuuguza tangu mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa, yeye peke yake ndo alikuwa nyumbani, kaka zake wako mjini wanatuma hela. Mwishoni mzee hata maji hayapiti, wakaambiwa hospitali msimnyweshe atapaliwa, mlowanisheni midomo tu na kitambaa. Kafariki. Haukupita muda binti akaanza kuota: baba kakaa kwenye kigoda karibu na jiko, kavaa koti lake la kijani, anamuangalia, anasema, "Siku hizi maji yananunuliwa humu ndani?" Basi. Anaamka analia, saa kumi na moja, halali tena. Ikawa inajirudia mpaka akawa anaogopa kulala, anakaa anachezea simu mpaka macho yanauma.

Nyumbani kila mtu na tafsiri yake. Mmoja anasema mzee ana kiu huko aliko, mkamwagie maji kaburini, mwingine anasema kuna mtu kamfunga.

Mi alivyokuja nilimuuliza maswali mawili tu. La kwanza, zile siku za mwisho ni nini ulichofanya au hukufanya ambacho kinakurudia? Akasema hapohapo, maji. Alikuwa ananiomba maji kwa mkono na mi nagusisha kitambaa. Nikamweleza tunavyojua sisi wa wodini, kwamba mtu akishafika pale mwili wenyewe unakuwa umeacha kutaka maji kama zamani, kinachomsumbua zaidi ni ukavu wa mdomo, na ukavu unatulizwa na kitambaa kilekile alichokuwa anatumia, na kama angemmiminia kikombe yangeingia kwenye mapafu na mzee angekufa kwa kuhangaika. Hilo hakuna aliyekaa naye chini kumweleza, waliishia kumkataza tu, na mi naona huo ni uvivu wetu sisi watu wa afya.

Swali la pili ni gumu zaidi, nilimuuliza, je uliwahi kuomba Mungu amchukue? Akanyamaza. Afu akalia kilio ambacho msibani hakulia.

Wanangu, hiyo sala naijua mimi. Nimeisikia usiku wodini kwa wake, kwa watoto, kwa wachungaji. Ukimpenda mtu na unaona anavyoteseka utatamani iishe, na ikishaisha unajiona kama wewe ndo umeimaliza. Kuna daktari wa Vienna, Sigmund Freud, mwaka 1911 aliandika habari ya mwanaume aliyemuuguza baba yake mpaka kufa, baadaye akawa anamwota mara kwa mara, baba yuko hai anaongea naye kama zamani, na kinachomuuma ni kwamba baba kafa ila hajui. Freud akasema kile ambacho baba hajui ni kwamba mtoto alitamani afe ili apumzike, na baada ya msiba yale matamanio yamegeuka kuwa lawama. Mengi ya huyo daktari mi siyakubali, alipenda kupeleka kila kitu kwenye mambo ya chumbani, ila hapa alipatia. Binti wa Mafinga na yule mzungu wa miaka zaidi ya 100 iliyopita wameota ndoto moja.

Tulichofanya baada ya hapo ni njia inayotumika kwa watu wenye jinamizi linalojirudia, unaweza kuifanya mwenyewe. Mchana, sio usiku, unaandika ndoto yako kwenye daftari kama ilivyo. Afu unaibadilisha pale panapouma, unavyotaka wewe, hakuna atakayekupangia. Halafu kila siku unakaa dakika 10 mpaka 20 macho umefumba unaipitia ile mpya tu, ya zamani unaachana nayo. Unaenda hivyo wiki kadhaa. Binti kwenye yake mpya baba akiuliza maji anainuka, anachota, anampa kikombe kile cha bati chenye maua, mzee anakunywa chote, afu anamwambia baba ulishafariki, mwezi wa saba, tulikuzika karibu na babu. Hiyo sentensi ilimshinda siku za mwanzo, alikuwa anaishia kwenye kikombe. Ilivyoanza kutoka mdomoni ndo ile ya alfajiri ikaanza kuja kwa nadra, na baadaye akamwota mara moja baba yuko shambani anagomba kuhusu mbolea, akaamka anacheka. Bado anammiss sana mzee, hii njia haiondoi hamu ya mzazi, inapunguza kile kitisho tu.

Wale mnaotafuta usingizi kwenye ulanzi, hasa msimu wa mvua ukiwa wa kumwaga, mjue pombe inakandamiza usingizi wa ndoto mwanzo wa usiku, ikishaisha nguvu mwilini ndoto zinarudi kwa fujo kuelekea asubuhi. Unakunywa usimwote, na ndo unamwota vibaya zaidi.

Sasa lini uende hospitali. Kumwota mzazi peke yake sio sababu, hata miaka 10 baadaye, hata kila mwaka tarehe ileile. Angalia maisha ya mchana. Shirika la Afya Duniani siku hizi linatambua majonzi yaliyopitiliza kama tatizo la kutibiwa, ni pale ambapo imepita miezi 6 au zaidi na bado karibu kila siku huwezi kufikiria kingine, kazi imekushinda, watoto huwaangalii, huamini kama kafa kweli. Hapo nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulize watu wa afya ya akili. Ila kama mzazi kwenye ndoto anakuita umfuate na wewe ukiamka unaona ni wazo zuri, usisubiri miezi wala kikao, mwambie mtu leo hiihii na aende na wewe, hata mimi nigongeeni saa nane usiku.

La mwisho ni la ukoo, na hapa nasema kama mlezi wa kikundi. Ndoto ya mtu mmoja imeanza kuwa ushahidi. Mzee kamwambia fulani kwamba aliuawa na shangazi, basi shangazi hasalimiwi, wengine washaenda kwa mpiga ramli kuuliza jina. Ndoto inachukua vitu kutoka kichwa cha anayeota, kama ulilala unamshuku shangazi basi hata baba wa ndotoni atamshuku shangazi. Kutambika au kwenda kaburini kuongea na mzazi sina ugomvi nako, tena kunasaidia, unasema yale uliyokosa nafasi ya kuyasema. Kumtaja mtu, hapana. Na wale ambao mama kaja kasema ana baridi ajengewe kaburi kabla ya Desemba, jengeni mkiwa na uwezo, msikope. Jumapili mje na bei ya saruji na matofali, tutapiga hesabu ya michango kwa hizo bei.

Mama yenu, mlezi wa kikundi