Nikope tena kwa dola, ama nibaki na shilingi?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa barafu hapa Kisumu. Nawauzia wachuuzi wa mbuta kule Dunga na wenye magari wanaosafirisha samaki hadi Nakuru. Wote hunilipa kwa shilingi, wengi kwa M-Pesa, na wengine baada ya kusukumwa.

Desemba 2021 nilichukua mkopo wa dola 24,000 ili ninunue mashine ya barafu kutoka ng'ambo. Muuzaji alitaka dola, na benki ikanipa dola kwa riba ya asilimia 9, huku mikopo ya shilingi ikiwa kwenye 13. Nikaona nimepata. Mpango ulikuwa miezi 48: kila mwezi dola 500 za deni lenyewe, pamoja na riba ya salio lililobaki.

Januari 2022 nililipa dola 680. Benki iliniuzia dola kwa shilingi 114, kwa hiyo zikatoka 77,520. Baada ya stima, maji na mishahara, mashine hunibakishia kama 105,000 kwa mwezi, basi nilikuwa napumua.

Kilichonichanganya ni kwamba karatasi ya benki ilionyesha malipo yanashuka kila mwezi. Na kweli yalishuka, lakini kwa dola. Januari 2024 nilidaiwa dola 590 tu. Dola ilikuwa imefika 164 kwenye kaunta ya benki yangu, nikatoa shilingi 96,760. Ningelibaki na ile bei ya 114, zingekuwa 67,260. Nilikuwa nimeshalipa nusu ya deni, na bado nusu iliyobaki, nikiigeuza kuwa shilingi, ilikuwa zaidi ya saba ya kumi ya deni la mwanzo.

Msiniambie ningepandisha bei ya barafu. Mchuuzi wa Dunga hajui dola imelala wapi wala imeamkia wapi. Nikipandisha, anavuka barabara kwa jirani. Na bili ya stima nayo ina kipengele kinachofuata bei ya fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi ilipoanguka nilichapwa pande mbili.

Mwezi huohuo niliingiwa na hofu. Wengi walisema dola itafika 200. Baada ya kulipa niliiomba benki iligeuze salio, dola 11,500, kuwa mkopo wa shilingi. Ilikubali kwa 164, na deni likawa shilingi 1,886,000. Wiki chache baadaye, Februari, serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la kimataifa ili ilipe sehemu ya deni la bilioni 2 lililokuwa liive Juni. Woga ukaisha sokoni, dola ikaporomoka. Kufikia mwisho wa Machi ningeweza kuinunua kwa 132, na salio lilelile lingekuwa 1,518,000. Nilitupa 368,000 kwa kukosa usingizi siku chache. Mzee wangu hajanisamehe, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiniletea habari za 200.

Sasa deni limeisha na nataka mashine ya pili. Afisa wa mikopo amenipa njia mbili: dola 30,000 kwa riba ya asilimia 9.5, au shilingi milioni 3.9 kwa asilimia 15.5. Mzee anasema dola imekaa karibu na 129 tangu katikati ya 2024, hivyo nisiogope kivuli.

Nimekaa na kikokotoo. Tofauti ya riba ni asilimia 6, yaani mwaka wa kwanza naokoa pungufu ya 234,000, kwa kuwa salio linapungua kila mwezi. Lakini dola ikipanda shilingi 10 tu, kutoka 130 hadi 140, dola 30,000 zinaongezeka shilingi 300,000. Kati ya Januari 2022 na Januari 2024 ilipanda zaidi ya 45.

Afisa ameniambia pia kuna mkataba wa kufunga bei ya dola za miezi ijayo, lakini kwake unafika mwaka mmoja tu, na mkopo ni wa miaka mitano. Hata bei hiyo ya kufungwa iko juu ya ya leo. Nilipoijumlisha na riba ya dola, unafuu karibu wote ukapotea.

Kuna jambo moja linalonivuta upande wa dola. Kiwanda kimoja kinachouza minofu ya mbuta nje ya nchi kinataka barafu yangu, labda theluthi ya ninayotengeneza, na kiko tayari kunilipa kwa dola. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Je, nikope theluthi kwa dola na iliyobaki kwa shilingi? Na kiwanda kisiporudia mkataba, nifanyeje na dola zitakazokuwa zimebaki, nigeuze mara moja au kidogo kidogo?

Hati ya shamba letu la Ahero ndiyo dhamana, na afisa anataka jibu kabla ya tarehe 15.

Mama Barafu,
Kisumu