Kifafa cha kusimama wima mmekiacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata mlipokosea matokeo ya Coastal. Lakini ile makala ya kifafa kwenye ukurasa wa afya, Jumanne iliyopita, imeninyanyua kwenye cherehani. Mmeandika kwamba mgonjwa huanguka, hukakamaa na kutoa povu, mkaweka na picha ya mtu kalala chini, basi, habari imekwisha. Mwanangu aliyekuwa akishikwa hali amesimama, yeye aliumwa nini?

Mimi ni fundi nguo, vifungo ndiyo riziki yangu. Kijana alipokuwa darasa la sita, shati lake la shule lilikuwa kila baada ya siku chache linarudi halina kifungo cha pili. Nashona, kinang'oka. Nikamgombeza, nikamwambia anapigana. Mpaka siku moja, hapa hapa dukani, akasema, "Baba, tumbo linapanda," halafu macho yakaganda. Mdomo ukawa unamung'unya kama mwenye pipi. Mkono wa kushoto ukakishika kile kifungo, ukakisokota, ukakivuta. Wa kulia umekakamaa, kiganja kimepinda. Dakika mbili hazikufika. Aliporudi nikamuuliza jina lake akanitazama tu, maneno hayaji. Hapo ndipo nilipoelewa vile viboko vya shuleni: ameitwa hakuitika, amezinduka kaulizwa hakujibu, mwalimu kasema kiburi. Mtoto amechapwa kwa ugonjwa, na mimi babake nyumbani namalizia kwa maneno!

Baadaye usiku mmoja akaanguka kweli, na povu juu. Tabibu wa kwanza aliandika tulichomwambia: anaanguka. Wa pili ndiye aliyeuliza, "Kabla ya kuanguka anafanyaje?" Nikamweleza habari ya kifungo, akaweka kalamu chini.

Alinieleza hivi. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, kama soko la asubuhi, kila mmoja anapatana bei na wake. Zipo zinazochochea na zipo zinazotuliza, na za kutuliza hutumia kemikali iitwayo GABA. Kifafa ni pale breki hiyo inaposhindwa na seli nyingi zikapiga umeme kwa pamoja, kwa pigo moja. Kwa mwanangu kelele huanzia kona moja tu, upande wa kushoto, ndani usawa wa sikio. Kona hiyo inahusika na hisia za tumboni na kumbukumbu, ndiyo maana tumbo linapanda kwanza na ndiyo maana hakumbuki kitu. Mkono uliokakamaa ni wa kulia kwa sababu ubongo wa kushoto huongoza mwili wa kulia. Na kwa watu wengi lugha nayo iko kushoto. Moto ukizimika pale, maneno huchelewa kurudi. Usiku ule kelele haikuishia kwenye kona yake, ilivuka mpaka upande wa pili, akaanguka. Kwa hiyo huko kuanguka mnakokupiga picha kulikuwa mwisho wa safari.

Kile kifafa kingine, cha ubongo mzima, huzishika pande mbili kwa wakati mmoja tangu mwanzo. Mtu anaweza kuanguka bila dalili ya kona yoyote. Lakini hata hicho si lazima aanguke: kuna mtoto anayeduwaa sekunde kumi, kope zikipepesa, kisha anaendelea na sentensi yake kama hakuna kilichotokea. Kuvitofautisha si ubishi wa vitabuni. Dawa ya kabamazepini inamfaa mwanangu wa kona moja, lakini huyo mwenye kuduwaa inaweza kumzidishia. Aliyeambiwa tu "anaanguka" atachaguaje dawa?

Na mkiwa hapo, hivi nani aliyewafundisha watu habari ya kijiko? Kila mtu akishikwa, mmoja anakimbilia kijiko, wa pili kitunguu cha kunusisha, wa tatu kiatu. Ulimi haumezwi! Kinachopatikana ni jino lililovunjika. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Ikipita dakika tano, hospitali. Jirani yangu mmoja alishinda anaogopa povu, eti linaambukiza, na kijiko anakishikilia vile vile.

Ombi langu ni dogo. Ile picha itoeni. Chora mvulana wa shule kasimama, mkono wa kushoto kwenye kifungo cha pili kutoka juu, wa kulia umepinda, na nyuma yake mwalimu na fimbo. Kama mchoraji wenu hajui shati la shule lilivyo, aje dukani. Ninalo moja, nimelishona kifungo hicho mara kumi na moja, kwa uzi wa viatu.

Fundi cherehani,
Tanga