Ndugu walio nje wako tayari kuweka fedha kwenye mashine yetu ya mpunga, mama hataki kusikia mkataba

Ndugu mshauri, shikamoo, kama umenizidi umri.

Naishi Mbarali, mkoani Mbeya, na ndiye ninayesimamia mashine ya kukoboa mpunga aliyotuachia marehemu baba. Ndugu zangu watatu wako nje. Kaka mkubwa yuko Ohio na ameshachukua uraia wa Marekani, dada ni muuguzi Uingereza, na binamu yetu anafanya kazi Muscat. Nimewaandikia pendekezo la kununua mashine mpya. Wazo wamelipenda, ila kila mmoja ana lake kuhusu namna ya kuingiza fedha, na mama hapa nyumbani hataki hata kusomewa pendekezo hilo.

Mashine yetu ni ile ya chuma ya zamani. Katika kilo 100 za mpunga inatoa mchele kilo 55 hivi, na nyingi ni chenga. Mashine za roli za mpira, mpunga ukiwa umekauka vizuri, hutoa kama kilo 63, punje zikiwa nzima. Mkulima anajua hesabu hiyo kuliko mimi, ndiyo maana anapita mlangoni kwetu na trekta lake kwenda kukoboa kwa jirani. Mashine mpya pamoja na kitoa mawe, ufungaji, sakafu ya kuanikia na fedha ya kuanzia ni shilingi milioni 40. Sisi tuna milioni 8, jengo na kiwanja. Tunaomba milioni 32.

Shida ni kwamba kaka alishawahi kutuma fedha za nyumba kwa ndugu mmoja (si mimi), akaja likizo akakuta msingi na nyasi. Kwa hiyo kwenye pendekezo sikumwomba aniamini. Nimeweka mambo ambayo anaweza kuyakagua akiwa kwake.

La kwanza, fedha ya mashine haipiti mkononi mwangu. Muuzaji anatoa ankara ya awali, wao wanalipa kwenye akaunti ya kampuni yake moja kwa moja, na sehemu ya mwisho inalipwa baada ya mashine kufungwa na kukoboa mpunga wetu wenyewe mbele ya fundi. Akaunti ya biashara itakuwa na watia sahihi wawili, mimi na binti wa shangazi ambaye ni mwalimu hapa. Dada atapewa ruhusa ya kuona miamala kwenye simu, bila uwezo wa kutoa.

La pili ndilo ninalolitegemea zaidi. Daftari la mashine mtu anaweza kuliandika apendavyo, lakini umeme wa LUKU haudanganyi kirahisi, kwa sababu kila manunuzi yana risiti na idadi ya uniti. Fundi anasema mashine ya ukubwa tunaoutaka, ikiwa na mzigo, hutumia kama uniti 20 kwa tani moja ya mpunga. Tutapima wenyewe ikishafungwa na kuiandika namba hiyo kwenye mkataba. Tuchukue mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yamepamba moto, na mita ionyeshe tumetumia uniti 3,000. Hiyo ni tani 150 za mpunga, yaani mchele kilo 94,500. Kwa ada ya kukoboa ya shilingi 60 kwa kilo, daftari linapaswa kuonyesha mapato ya karibu shilingi 5,670,000. Likionyesha kilo 88,000 sitaulizwa, maana mashine huzungushwa tupu asubuhi, roli huchakaa, na mpunga mbichi hula umeme. Likionyesha kilo 70,000, lazima nieleze. Nimependekeza pengo likizidi sehemu moja ya kumi, maelezo yaandikwe, na roli zipigwe picha.

Kipimo hiki hakikamati kila kitu. Pumba, kwa mfano, huku kwetu mwenye mpunga huiacha, na wafuga kuku na nguruwe huinunua kwa gunia. Mita haiwezi kujua gunia ngapi zimetoka saa mbili usiku. Kusema kweli, kwenye mashine nyingi ninazozijua, upotevu unaanzia kwenye pumba. Tumeamua iuzwe siku moja tu ya wiki, malipo yapite kwenye lipa namba ya biashara, na gunia zihesabiwe na mtu asiye mwendesha mashine.

Sasa nifike ninapokwama.

Kaka anataka hisa. Anasema tusajili kampuni BRELA, kila mmoja apate hisa kwa fedha aliyoweka. Nakubaliana naye kwa sehemu, ila Sheria ya Ardhi ya 1999 inaihesabu kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia kuwa ya kigeni. Yeye si raia tena, na dada naye ameshaomba uraia wa huko. Wakishika zaidi ya nusu, kiwanja hakiwezi kuingizwa kwenye kampuni kama mali ya kawaida ya familia. Nimefikiri kiwanja na jengo vibaki kwa mama, na kampuni ipange kwake kwa mkataba na kumlipa kodi. Huenda hilo likampoza pia, maana atakuwa na chake kisichotegemea huruma ya mtu.

Dada anataka mkopo. Hataki vikao wala kura, anataka arudishiwe fedha yake na nyongeza kidogo. Namwelewa, lakini mpunga haulipi kila mwezi. Kuanzia Januari hadi Aprili mashine yetu inakoboa akiba za watu tu, na marejesho ya kila mwezi yatanifanya nikope kwingine ili nimlipe yeye. Nimemwomba alipwe mara mbili kwa mwaka, Agosti na Novemba. Hajajibu. Binamu wa Muscat anasema atafuata watakachokubaliana wakubwa.

Halafu kuna mshahara wangu. Nimeandika nilipwe shilingi 450,000 kwa mwezi kabla ya faida kugawanywa. Kaka kauliza, “Unalipwaje kwenye mali ya baba yako?” Mimi naona msimamizi asiye na mshahara atajilipa tu, leo elfu kumi ya mboga, kesho ada ya mtoto, na moyoni ataamini ni haki yake. Afadhali kiandikwe kiasi ambacho kila mtu anakijua.

Mama ndiye kanishinda. Nilipoanza kumsomea alinikatisha: “Nimewazaa tumbo moja, leo mnaandikiana mikataba na kuhesabiana umeme kama watu wa benki?” Anaona nimewaita wanawe wezi, na ameshawapigia simu kuwaambia watume fedha kwake, atanipa yeye. Kaka amesema fedha ikipitia kwa mama, hatoi hata senti. Mama hajui kwamba kaka amesema hivyo, nami sijui kama nimwambie.

Ninayoomba ni haya. Je, yawezekana kwenye kampuni moja kaka awe mwanahisa na dada awe mkopeshaji, bila mmoja kuona mwenzake amependelewa pale mwaka mbaya utakapokuja? Je, waliowahi kufanya biashara ya ndugu, mshahara wa msimamizi mliuandikaje ukakubalika? Na kwa mama, nimtumie nani? Nimemfikiria baba mdogo, ambaye mama humsikiliza, lakini naye ana mwanawe anayetaka kazi ya kuendesha hiyo mashine.

Muuzaji amesema bei yake inadumu mpaka mwisho wa mwezi ujao, na mpunga wa mabonde ya juu unaanza kuvunwa Mei.

Msimamizi wa mashine,
Mbarali