Kadi ya SHA hailipi siku za kulala kitandani

Mhariri,

Tangu bima ya afya ya SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, sisi tunaojiajiri tunaulizana swali moja tu: umelipia? Sawa, lakini kadi hulipa hospitali. Unga na kodi ya nyumba kwa wiki ambazo hukufanya kazi ni juu yako.

Mwenzetu katika chama cha mafundi cherehani hapa Mombasa alivunjika mkono. Matibabu yalilipiwa na SHA, hapo sina lawama. Ila kufikia wiki ya nne alikuwa ameshauza mashine yake ya ovaloki ili watoto wale. Mkono ulipopona, ikawa kila nguo ya kumalizia anaipeleka kwa jirani na kulipa. Akiba yake ya uzeeni ilisimama hapo hapo.

Kwa maoni yangu tunapanga kinyume. Tuanze na fungu la siku za ugonjwa, maana likikosekana ndilo linaloangusha bima na akiba. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Basi nasi tujiwekee siku 14.

Chukua fundi anayebakiwa na shilingi 800 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hiyo ni 20,000. Asilimia 2.75 ya SHA ni 550 kwa mwezi, na aliyejiajiri hutakiwa kulipa ya mwaka kwa mkupuo: 6,600. Ukigawa kwa siku 300 za kazi ni 22 kwa siku. (Makadirio ya SHA hutokana na maswali kuhusu nyumba na mali yako, si daftari lako la mapato, kwa hiyo angalia kiwango chako kabla ya kupiga hesabu.) Akiba ya uzeeni ya Haba Haba ya NSSF huanzia 25 kwa siku. Familia ikitumia 450 kwa siku, siku 14 ni 6,300. Ukiweka 50 kila siku ya kazi, unazifikisha kwa miezi mitano hivi. Jumla ni 97 kwa siku.

Wapo wanaosema chama kitatosha. Chetu kina mfuko wa ugonjwa kando na pesa za mzunguko, na hulipa kuanzia siku ya tatu kwa karatasi ya zahanati, maana mafua ya siku moja yangeumaliza. Lakini chikungunya ilipovamia Mombasa mwishoni mwa 2017 iliumiza viungo vya watu wengi kwa wakati mmoja, na fundi mwenye vidole vilivyokakamaa hashiki mkasi. Wanachama nusu wakilala pamoja, hakuna mfuko wa chama utakaowatosha. Fungu lako mwenyewe liwe tayari kwanza, la chama liongezee.

Mweka hazina wa chama cha mafundi cherehani,
Mombasa