Kuifuata Damu kwenye Mchoro wa Moyo

Walimu na wazazi wanaonunua chati zetu za ukutani hapa Kariakoo hutuuliza mara kwa mara kwa nini auriko ya kulia imechorwa upande wa kushoto. Hilo si kosa la uchapaji. Moyo umechorwa kama wa mtu aliyesimama mbele yako akikutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Lebo zikifutwa, tafuta ventriko yenye ukuta mnene zaidi: hiyo ndiyo ya kushoto, kwa sababu husukuma damu mwili mzima, ilhali ya kulia huifikisha mapafuni tu, ambako shinikizo linalohitajika ni dogo.

Safari huanzia kwenye vena kava ya juu na ya chini, zinazoimimina damu katika auriko ya kulia. Damu hupita vali trikuspidi, huingia ventriko ya kulia, kisha hupita vali ya nusu mwezi na kutoka kwa ateri ya mapafu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mama mmoja alituletea karatasi ya binti yake wa kidato cha pili, ambaye baada ya ventriko ya kulia aliandika "vena ya mapafu". Alikuwa amekariri kwamba vena hubeba damu yenye oksijeni kidogo, na chombo alichokiona kwenye chati kilikuwa cha buluu. Tulimweleza kwamba jina hufuata mwelekeo, wala si rangi: ateri huitoa damu moyoni, vena huirudisha. Ateri ya mapafu ni ya buluu, na bado ni ateri.

Chombo hichohicho kina mtego mwingine, nao ni wa macho. Hupanda kutoka ventriko ya kulia, hupita mbele ya aota na kuelekea kushoto, hata mwanafunzi akadhani kimetoka ventriko ya kushoto. Dawa yake ni kuweka kidole juu ya chombo na kushuka nacho hadi kwenye vali yake, kisha kuona ni ventriko ipi iliyo chini ya vali hiyo.

Kutoka mapafuni damu hurudi kwa vena za mapafu, ambazo kwa kawaida ni nne, na kuingia auriko ya kushoto. Hupita vali baikuspidi, ambayo pia huitwa mitrali, huingia ventriko ya kushoto, hupita vali ya nusu mwezi ya aota, na kutoka kwa aota.

Tunaomba jambo moja lieleweke kwa wanafunzi: ingawa tunaihesabu njia hii hatua kwa hatua, auriko zote mbili hujikaza pamoja, kisha ventriko zote mbili. Damu inaposukumwa kwenda mapafuni, nyingine wakati huohuo inaingia aota. Kwa wanaotaka kujipima, tunachapa pia chati isiyo na lebo, yenye mistari na nafasi za kujazia tu.