Picha zako mbili, Rehema

Rehema mwenzangu,

Hujambo? Huku wazima, ya Salim na deni lake nitakusimulia siku nyingine. Nimekaa kimya mno, najua, lakini picha ulizotuma zimenikalisha kitako. Hasa yale maneno uliyobandika chini yake: kwamba mwalimu wako wa mazoezi amepima shingo yako akakuta imechomoza mbele, pembe digrii 44, na baada ya mafunzo yake imefika 51. Sasa anataka ulipie awamu ya pili pamoja na mkanda wa kuvuta mabega. Usilipe kwanza, nisome.

Kipimo chenyewe si cha kubuni, hata sisi kazini tunakitumia. Unachora mstari kutoka kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio hadi pingili ya saba ya shingo, ile inayochomoza ukiinamisha kichwa, kisha unapima pembe yake na mstari mlalo. Pembe ikiwa ndogo, kichwa kiko mbele zaidi. Wengi huanza kutilia shaka ikishuka chini ya digrii 48 au 50, ingawa hapo hakuna ukuta unaotenganisha wagonjwa na wazima.

Lakini hebu itazame tena picha ya kwanza. Fremu ya mlango nyuma yako imelalia kule ulikokuwa unatazama. Nimeipima: digrii nne. Mlango haukulala, aliyelaza simu ni yeye! Simu ikilala hivyo, mwili wote unaonekana kuinama mbele. Rudisha hizo nne, 44 inakuwa 48. Picha ya pili fremu imesimama wima. Basi katika zile saba anazojivunia, zimebaki tatu.

Na hizo tatu nazo ... Umevaa fulana yenye ukosi. Hiyo pingili aliipataje? Kwa macho, juu ya kitambaa. Kutoka pingili ile hadi sikioni ni kama sentimita 14, kwa hiyo ukikosea sentimita moja tu, pembe inayumba digrii tatu au nne. Maendeleo yako yote yanaenea ndani ya mkunjo wa ukosi, ndugu yangu.

Mabega ndiyo yaliyonichekesha. Picha ya kwanza naliona kombe la bega lako la upande wa kamera, maana yake umejigeuza kidogo ukaipa kamera mgongo, na bega la karibu likasogea mbele. Tena mikono umeiweka mbele ya mapaja. Picha ya pili naona kifua. Umegeukia upande mwingine, bega limerudi nyuma, mikono iko ubavuni. Nani asingeonekana amenyooka? Mwanaidi akisimama hivyo anafanana na askari wa gwaride, na unamjua alivyo.

Sisemi mazoezi hayajakufaa. Inawezekana yamekufaa, ila picha hizi haziwezi kutoa ushahidi huo. Wala haziwezi kuonyesha kwamba "misuli ya kifua imefupika na ya mgongo imelegea", kama alivyokuandikia. Ufupi wa msuli hupimwa kwa mkono: mtu analala chali, unatazama bega linavyonyanyuka, unalibonyeza uone linakubali kushuka au linagoma. Nguvu hupimwa kwa kumpa mtu kazi. Na maumivu ndiyo kabisa, wapo wenye kichwa kilichochomoza wasioumwa popote, na wapo walionyooka kama timazi wanaolia na shingo kila siku.

Ukitaka picha zenye maana, ning'iniza uzi wenye uzito mwishoni uonekane pembeni yako, usimamishe simu kwenye kitu imara, kimo cha bega, mita tatu hivi. Mtu akubandikie stika shingoni kwenye ngozi, baada ya kuigusa pingili. Tembea papo hapo kidogo, simama unavyosimama siku zote, tazama mbele. Piga kadhaa, ukitoka na kurudi kila mara. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe digrii tatu, utajua tatu za mwalimu zina thamani gani. Huo mkanda nao, sijui ... tuuache.

Sasa niambie: shingo inakuuma kweli au ulianza kuumwa baada ya kuonyeshwa picha? Ukisimama ukutani, kichwa kinagusa ukuta bila kuinua kidevu? Vidole vinakufa ganzi? Maana kama vinakufa ganzi, au mkono unapoteza nguvu, achana na picha zote nenda ukapimwe. Na ile picha ya kwanza aliipiga mwisho wa siku, umechoka? Nijibu upesi, kabla hujalipa.

Wako,
Tatu